Maruweruwe Kwenye Shati la Mzee

Mwaka ule nchi ilipotimiza nusu karne ya Uhuru, kila mtu Bukoba aliyekuwa na kamera aligeuka mwanahistoria. Sisi wa studio ya Miembeni tulikuwa tumezoea harusi, kipaimara na mazishi. Ghafla tukaambiwa kuwa tunahifadhi kumbukumbu za taifa. Bosi wangu, ambaye hakuwahi kumaliza kusoma hata maelekezo ya jiko la gesi, alimwita mchora mabango akafuta maneno "Video na Picha za Pasipoti" mlangoni na kuandika "Hifadhi ya Kumbukumbu". Picha za pasipoti tuliendelea kupiga kama kawaida, ila sasa mteja aliingia akiwa na wasiwasi kidogo.

Mimi nilikuwa mhariri. Maana yake ni kwamba wengine walikwenda kwenye sherehe wakala wali, wakaniletea saa sita za picha zinazotikisika, nami nikakaa chumba cha nyuma kuzifanya zionekane kama zilipigwa na mtu mwenye akili timamu. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na bwana harusi yeyote wa mji ule niliyekutana naye sokoni nilikuwa nimeshamfuta jasho la paji la uso bila yeye kujua.

Kazi ya Uhuru ililetwa na kamati ya wastaafu kutoka Muleba. Mwenyekiti wao alikuwa mkaguzi wa shule zamani, na mpaka leo huongea kama anayesomea watu imla. Walitaka filamu ya dakika arobaini, wazee wakisimulia Uhuru na Ujamaa, ili ionyeshwe ukumbini Muleba siku ya sherehe. Mashahidi wakuu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa katibu tarafa mstaafu, mzee wa upande wa Nshamba, aliyesimamia kuhamisha watu kwenda kwenye vijiji vya Ujamaa. Wa pili alikuwa mama mmoja mkulima wa karibu na Rubya, ambaye alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Mwenyekiti alitueleza waziwazi kwa nini walimwongeza.

"Jinsia," alisema. "Siku hizi lazima kuwe na jinsia."

Tulianza Nshamba: bosi, mwenyekiti na mimi, ambaye safari hii nilitolewa chumba cha nyuma kwenda kusaidia. Mzee alitupokea sebuleni kwake kwa heshima zote. Mkewe alituletea kahawa kavu ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukasalimiana kwa Kihaya, tukarudia kwa Kiswahili kwa sababu ya historia. Kisha mzee akaingia ndani kubadilisha nguo, akatoka amevaa shati.

Lilikuwa shati zuri, sitaki kusema uongo. Jeupe, lenye mistari ya bluu myembamba sana iliyobanana kama meno ya chanuo, na juu yake tai nyekundu. Binti yake alilituma kutoka ng'ambo. Mzee aliketi mbele ya kabati la vioo alilopangia vyeti vyake vyote, akanyoosha mgongo, akasema, "Haya. Piga."

Nikachungulia kwenye kioo kidogo cha kamera, na shati likawa linatembea.

Mzee mwenyewe alikuwa ametulia tuli. Ila kwenye kioo mistari ile ilikuwa imegeuka mawimbi, yanapanda kutoka tumboni kwenda mabegani kila alipovuta pumzi, na juu ya mawimbi kulikuwa na mabaka ya kijani na waridi kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Niligusa lenzi, nikavuta picha karibu kidogo. Mawimbi yakabadilika upande, yakaanza kushuka.

Vitabu vya kamera vina jina la Kifaransa la jambo hilo. Sisi studio tuliliita maruweruwe, kwa sababu ndivyo linavyomfanya mtu ajisikie. Nilimnong'oneza bosi.

"Ni hicho kioo tu," alinijibu. "Ni kidogo. Ukifika kwenye kompyuta hutaliona."

Hapo alikuwa sahihi kwa nusu, maana kioo kidogo cha kamera kweli huweza kuzusha mawimbi yasiyokuwepo kwenye picha. Lakini mimi ndiye ambaye ningekaa nayo. Nikapiga moyo konde.

"Samahani mzee, waitu," nikasema, nikiongeza heshima ya Kihaya. "Hakuna shati jingine? La rangi moja?"

Mwenyekiti akakohoa. Mzee akamgeukia bosi.

"Huyu binti ni nani?"

"Mhariri wetu," bosi akasema haraka. "Nimemleta ashike maiki."

"Binti," mzee akasema kwa upole kabisa, "rangi moja nimeivaa ya kutosha. Miaka ile sote tulikuwa rangi moja. Kaki asubuhi, kaki jioni, kaki mpaka kwenye ubatizo wa watoto wangu. Sasa nimestaafu."

Nikajaribu njia nyingine. Nilisogeza stendi ya kamera hatua mbili mbele nikambana mzee kuanzia kifuani, na maruweruwe yakafa palepale. Si ajabu: ukisogea karibu, kila mstari wa shati unakuwa mpana kwenye picha, kamera inauona vizuri na haina haja ya kubahatisha. Nikapumua.

"Vyeti vinaonekana?" mzee akauliza.

"Nusu, mzee."

"Nusu ya cheti ni kitu gani?"

Bosi akarudisha stendi ilipokuwa. Nikapendekeza basi tufungue lenzi zaidi na kulenga uso wake tu, ili shati lipate ukungu kidogo. Mistari ikiwa na ukungu haileti ugomvi. Bosi akatazama kabati.

"Halafu vyeti visomeke vipi?"

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, kwa kura za wanaume watatu dhidi ya macho yangu mawili. Vyeti vilisomeka. Nilikuja kuvijua kwa moyo. Kimoja kilikuwa cha kuhudhuria semina ya siku tatu kuhusu mbolea ya samadi.

Mzee alizungumza vizuri. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kipaza sauti.

"Wakati wa Ujamaa," alisema, "kiongozi na mwananchi walikuwa kitu kimoja. Chakula changu chakula chako, shati langu shati lako." Kifua chake kikawaka kijani. "Watu walihama kwa hiari. Hapakuwa na hata mmoja aliyelazimishwa. Walihama kwa furaha, wanaimba!" Akainua mkono wa kulia, na mkono ukapita mbele ya shati, na waridi ikapanda mpaka kwenye kola.

Mwenyekiti alikuwa akifuta machozi.

Mchana tulikwenda kwa mama. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake pembeni ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, amevaa kitenge na sweta la kijani lisilo na ua wala mstari. Nilitamani kumkumbatia kwa lile sweta. Bosi alikuwa anatazama saa. Alimpa mama robo saa, mkao mmoja, hakuna hata kumuuliza anapenda nini kionekane nyuma yake.

Mama alisimulia bila kupandisha sauti. Alisema lori lilikuja asubuhi wakati anamenya ndizi. Kwamba wanaume walipanda wakaezua paa ili mtu asipate pa kurudi. Kwamba walipelekwa kwenye rweya, yaani zile mbuga za nyasi ambako mgomba hauoti mpaka uulishe samadi miaka na miaka, na samadi iko kwa ng'ombe, na ng'ombe hawakuja na lori. Mama mkwe wake alifunga chipukizi la mgomba kwenye kanga kama mtoto mchanga akalibeba mapajani njia nzima.

"Lilishika?" nikamuuliza, ingawa kazi yangu ilikuwa kushika maiki.

"Halikushika."

"Na kuimba je? Tumeambiwa mliimba."

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama mvua huwa inalowesha.

"Tuliambiwa tuimbe," akasema. "Tukaimba. Ungefanyaje wewe?"

Bosi akazima kamera.

Kesho yake, Miembeni, nilifungua picha za mzee kwenye kompyuta. Kwanza kwenye dirisha dogo, nikaona maruweruwe, nikajiambia subiri: picha kubwa ikibanwa kwenye dirisha dogo, kompyuta nayo huzusha mawimbi yake. Nikaikuza mpaka kila nukta ya picha ikae kwenye nukta moja ya skrini. Yalikuwepo. Yalikuwa yamerekodiwa, yamo ndani ya picha kama chumvi kwenye mchuzi.

Kamera yetu ndiyo iliyokuwa mkosaji mkubwa, na hilo bosi hakutaka lisemwe mbele ya wateja. Ilikuwa ni kamera ya picha za mnato iliyofundishwa kuchukua video. Kioo chake cha ndani kina nukta nyingi mno kwa video, kwa hiyo ilikuwa inaruka safu: inasoma moja, inaacha kadhaa, inasoma nyingine. Kwa sura ya bwana harusi haidhuru. Lakini ukiipa mistari iliyobanana karibu sawa na hizo safu zake, vitu viwili hivyo haviendi sambamba, na pale vinapopishana kamera inachora mawimbi ambayo hayapo duniani. Na kwa kuwa kila nukta ya kioo inaona rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na nyingine kamera inazikisia, mawimbi hayo yanapata na rangi za bure.

Kamati ilikuja kutazama toleo la kwanza kwenye televisheni ya studio. Mzee alikuja nao, na shati lilelile. Tulipofika kwenye "shati langu shati lako" watu wakaanza kupepesa macho. Kisha muuguzi mstaafu aliyekuwa katibu wa kamati akasema taratibu, "Mimi macho yananiuma."

"Ni virusi," akasema mwingine. "Kompyuta zikishikwa na virusi zinafanya hivyo."

"Ni umeme wa Bukoba," akasema wa tatu, ambaye kwake kila kitu kilikuwa umeme wa Bukoba.

Mzee aliendelea kutazama mpaka picha ya mama ilipokuja, sweta la kijani limetulia, safi kama maji ya kisima. Hapo akageuka kunitazama mimi, si bosi.

"Huyu mbona hana rangi hizo? Kwa nini mimi tu?"

"Ni mistari ya shati, mzee."

"Umenifanya disko. Nimesimama kueleza historia ya nchi, wewe umenifanya disko. Nani amekutuma?"

Bosi alikuwa ameanza kukagua kucha zake. Nikaona nikiongea maneno ya kamera nitaonekana nazidi kujificha. Nikaenda dirishani, nikashika pazia la wavu, nikalikunja likalaliana, tabaka mbili, nikalivuta taratibu mbele ya mwanga. Mawimbi makubwa meusi yakaanza kutembea juu ya kitambaa ambacho kilikuwa na vitundu tu.

"Tazama, mzee. Wavu huu hauna mawimbi. Na huu hauna. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine, yanatokea. Shati lako ni wavu mmoja. Kamera ni wa pili."

Mzee alisimama, akaja, akalivuta pazia mwenyewe. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nadhani alilifurahia, ila alikuwa na kamati nyuma yake.

"Kwa hiyo shati langu halina kosa," akasema.

"Halina, mzee. Tunaweza kurudia mahojiano. Shati la rangi moja, nusu saa tu."

"Hapana. Maneno yale yalitoka moyoni. Hayarudiwi."

"Basi yaondolewe hayo marangi," mwenyekiti akaamuru. "Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana kwa sehemu kubwa," nikasema. "Kwa kazi nyingi."

"Vizuri. Na ukiwa unaondoa," akaendelea, kwa sauti ileile ya imla, "utaondoa na pale mama anapozungumzia paa. Na lori. Na hilo la kuimba. Halina mahali pake katika sherehe."

"Hayo si maruweruwe," nikasema.

"Yanaumiza macho vilevile," akasema mwenyekiti, na kamati ikacheka, na bosi akacheka kuliko wote. Kisha akasema, "Ataondoa."

Na niliondoa. Nisijitengenezee ushujaa hapa. Kukata sauti ya mama kulinichukua dakika nne, na bila lori, paa na kuimba halikubaki neno la kuweka. Shati la mzee lilinichukua wiki mbili.

Nieleze kidogo, kwa sababu watu hudhani kuna kitufe. Picha ya video unaweza kuitenganisha vipande viwili: weusi na weupe wake upande mmoja, rangi zake upande mwingine. Kwanza nilichora mpaka kulizunguka shati, kola mpaka mkanda, nikiiacha tai. Ndani ya mpaka huo nikazitia rangi ukungu mzito na kuzipunguza nguvu, bila kugusa weusi na weupe. Kijani na waridi vikayeyuka vikawa bluu hafifu iliyotulia, na mistari ikabaki. Siku ya kwanza niliruka kwa furaha. Siku ya pili nikagundua kwamba mpaka wangu ulimega kidevu, ukungu ukachukua rangi ya ngozi ukaimwaga kwenye kola, na mzee akaonekana kama aliyekunywa chai ikamshukia shingoni.

Tena mtu si picha ya ukutani. Anapumua, anainama, anajikuna. Picha ni ishirini na tano kwa kila sekunde, na mpaka lazima ufuatane naye katika zote. Kompyuta ilijitahidi kumfuata yenyewe, lakini kila mzee alipoinua ule mkono wa kulia, ilidhani mkono ni shati ikaupaka bluu. Nikawa nachora vidole vyake kimoja kimoja, picha baada ya picha. Alikuwa na kidole cha shahada kirefu sana. Alikitumia bila huruma.

Baada ya rangi yakabaki mawimbi yenyewe, yale ya weusi na weupe, na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yameshakula mistari halisi. Chini yake hakuna kitu cha kurudisha. Dawa ni kuyatia ukungu pia, na ukiyatia ukungu mistari nayo inaondoka, shati linakuwa kama limetengenezwa kwa plastiki. Nikalinyunyizia chenga laini ili lifanane na sehemu nyingine ya picha. Kwa mbali lilipita. Ila kulikuwa na sehemu mbili ambazo hazikukubali chochote: pale mzee aliposema watu walihama kwa hiari, ambapo alikuwa anacheka na mwili mzima unatikisika, na pale aliposema hapakuwa na hata mmoja aliyelazimishwa, ambapo kidole kilikuwa kinapiga huku na huku mbele ya kifua. Huko mawimbi yaliogelea hata nifanye nini.

Mhariri akishindwa kutengeneza picha, anaifunika. Ni jambo la kawaida, hata kwenye harusi: sauti ya padri inaendelea, wewe unaonyesha maua. Nikatafuta maua. Tulikuwa na picha za migomba, tayari nilishazitumia. Tulikuwa na kahawa iliyoanikwa, nimeshaitumia. Kilichobaki kilikuwa picha za mama kabla hajaanza kuongea, akisubiri bosi arekebishe maiki: ametulia, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi, mikono mapajani. Sekunde nyingi za ukimya, na sweta lisilo na mstari hata mmoja.

Niliweka hapo kwa "hiari". Nikaweka kwa "hata mmoja aliyelazimishwa". Nikatazama. Halafu nikaweka na sehemu ya tatu, kwenye "kwa furaha, wanaimba".

Ile ya tatu shati lilikuwa safi. Nilikuwa nimelisafisha mwenyewe, vidole vyote vitano.

Bosi aliangalia toleo la mwisho akiwa anaongea na simu. "Rangi zimeisha?" aliuliza. Nikasema zimeisha. Akaweka muhuri mpya wa Hifadhi ya Kumbukumbu kwenye kasha la diski.

Ukumbi wa Muleba ulijaa. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba ambayo ilikuwa ndefu kuliko filamu. Mzee alikaa mstari wa mbele na shati jeupe lisilo na mistari, sijui kwa nini siku hiyo ndiyo alilivaa. Mama wa Rubya alikaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ndiko walikoweka mabenchi ya waalikwa wasio na kadi.

Filamu ilianza vizuri. Vyeti vilisomeka ukutani kwa ukubwa wa mlango. Kisha sauti ya mzee ikasema watu walihama kwa hiari, na uso wa mama ukajaza ukuta, haongei, anatutazama. Nikasikia watu wakihema. Sauti ikasema hapakuwa na hata mmoja, na uso ukaja tena. Hapo watu wa nyuma, wengi wao wa umri wa kuikumbuka rweya, wakaanza kuguna, ule mguno mrefu wa Kihaya ambao hauna haja ya maneno. Mara ya tatu, kwenye kuimba, mwanamke mmoja akacheka kwa sauti, na ukumbi mzima ukamfuata. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwenye sherehe ya taifa. Mwenyekiti alipiga makofi kwa nguvu akidhani wanafurahia.

Nilijipongeza. Nilikaa pale gizani kando ya projekta nikajiona mtu mwerevu kuliko wote Kagera.

Baadaye mzee alinifuata nje, anatembea taratibu.

"Binti. Shati langu lilikuwa na mistari."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa halina. Mmelifanya kama lile la kaki." Akasogea karibu. "Na pale mliponiondoa. Ni kwa sababu ya yale mawimbi?"

"Ndiyo, mzee. Hayakutoka."

"Mara zote tatu?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amelivuta lile pazia kwa mkono wake, nikaona haifai.

"Mara mbili," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesaini fomu. "Nilidhani hivyo," akasema, akaenda kula pilau pamoja na kamati. Hakunisemea kwa bosi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ni uungwana au ni aibu, na kwa mtu wa cheo chake huenda havikuwahi kutenganishwa.

Nilikuwa bado nimesimama pale mama aliponishika mkono. Nilitabasamu. Nilikuwa natarajia shukrani, sitaficha.

"Nilikuambia mambo mengi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuambia habari za lori. Na za mama mkwe wangu. Mbona sikuongea? Mmenikalisha pale mara tatu kimya kama picha ya marehemu. Watu wakacheka. Walikuwa wananicheka nini?"

Nikaanza kumweleza. Nikasema walikuwa hawamcheki yeye, kwamba uso wake pale ulikuwa unamjibu mzee, kwamba kamati ilikuwa imekataza maneno. Nilieleza kwa urefu. Nilikuwa naongea vizuri sana. Mama alisubiri nimalize.

"Mdomo ninao," akasema. "Ningemjibu mwenyewe."

Kisha akaenda kutafuta usafiri wa Rubya kabla mvua haijaanza.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia bosi naumwa. Nilichukua kompyuta ndogo ya studio na kamera ya akiba, nikapanda gari la Muleba, nikafika nyumbani kwa mama nikamkuta ameinamia maharage. Ile robo saa nilikuwa nayo nzima, kama ilivyopigwa. Niliiweka juu ya kigoda. Wakaja binti yake, wakwe wawili na jirani mmoja, wakakaa kwenye mkeka, na mama akajisikiliza.

Hakulia, na mimi sikulia. Alisikiliza kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Lori lilipita, paa likapita, chipukizi likapita. Binti yake alishika mdomo. Alikuwa hajawahi kusikia habari za chipukizi.

"Simamisha hapo," mama akasema.

Nikasimamisha.

"Nimesema nilikuwa namenya ndizi. Si kweli. Nilikuwa nimeshamaliza, zilikuwa jikoni. Tuliziacha zinachemka." Akafikiri. "Hiyo unaweza kuibadilisha?"

"Siwezi, mama. Ulichosema ndicho kilichorekodiwa."

"Basi washa hicho kidude," akasema akionyesha kamera kwenye begi langu, akajifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda akaketi. "Niseme tena."